Korongo likifurika mjini: zege, nyasi au king'ora? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya na Iringa

Majibu yote hapa yanafuata korongo moja la mfano, ili namba zisielee hewani. Linaanzia kwenye miteremko ya safu ya Loleza, linashuka katikati ya nyumba, kisha linapita chini ya barabara kwenye kalavati la boksi lenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.5. Eneo lote linaloteremshia maji humo, ambalo wataalamu huliita dakio, ni ekta 120. Makorongo ya aina hii Mbeya ni mengi. Viwango vya mvua tulivyotumia ni vya mfano tu. Anayesanifu kazi ya kweli achukue takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu naye. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Wazee wanasema mvua kubwa zilikuwapo tangu zamani. Mbona korongo linafurika sasa?

Kwa sababu kilichobadilika zaidi ni ardhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Watu hao wanaishi chini ya mabati, na bati halinywi maji. Ua uliosakafiwa haunywi, njia iliyoshindiliwa na bajaji nayo hainywi.

Kwa korongo dogo wahandisi hutumia kanuni hii:

```
Q = C × i × A / 360
```

Q ni mita za ujazo za maji zinazopita kwa sekunde, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni ekta, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama. Mteremko ulipokuwa mashamba na vichaka, C ilikuwa kama 0.25. Maji ya kutoka mbali kabisa yalichukua nusu saa kufika barabarani, na mvua kali inayodumu nusu saa tuiweke milimita 60 kwa saa. Jibu ni mita za ujazo 5 kwa sekunde, na kalavati letu linazipitisha, maji yakisimama kidogo juu ya mdomo wake.

Sasa mteremko umejaa nyumba. C imefika 0.5. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu husahau: maji yanayopita juu ya bati na kwenye mitaro hukimbia, kwa hiyo yanafika barabarani kwa dakika 20. Mvua ya dakika 20 kwa kawaida ni kali kuliko ya nusu saa, tuseme milimita 75 kwa saa. Q inakuwa 12.5. Eneo ni lilelile, mawingu ni yaleyale, ila maji yanayofika kwa sekunde moja yamezidi mara mbili na nusu.

Basi si tujenge mtaro mkubwa na kalavati kubwa, yaishe?

Kubadilisha kalavati mara nyingi ni lazima. Boksi la mita 2 kwa 2 linapitisha kama mita za ujazo 8 kwa sekunde. Maboksi mawili ya kipimo hicho yangemeza zote 12.5 na nafasi ikabaki. Tatizo ni kwamba zege haliondoi maji, linayahamisha, tena kwa kasi. Ukiyaharakisha huku juu, kalavati la mtaa wa chini ambalo halijaguswa ndilo litakalofurika, na mtakuwa mmewahamishia jirani zenu mafuriko.

La pili ni mchanga. Chukua mtaro wa mawe wenye upana wa mita 1 kwenye mteremko wa asilimia 3, maji yakiwa na kina cha sentimita 80. Unapitisha takriban mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Ukijaa mchanga hadi nusu, wengi hudhani utapitisha nusu. Hapana, utapitisha kama 1 tu, yaani asilimia 40, kwa sababu maji yaliyobanwa kwenye kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na kupunguza mwendo. Mtaro uliosanifiwa vizuri na kuachwa misimu miwili bila kuzolewa mchanga ni sawa na mtaro mdogo uliojengwa kwa bei ya mkubwa.

La tatu ni mwisho wa mtaro. Maji hayo yanatoka kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Yakiangukia kwenye udongo mwepesi, yanachimba shimo chini ya sakafu, sakafu inaning'inia, na kipande cha mwisho kinakatika. Msimu unaofuata kinakatika kingine, hivyo mtaro unaliwa kurudi juu. Ukiona ufa wa kukingama mita moja au mbili kabla ya mwisho wa mtaro, chungulia chini yake, na mara nyingi utakuta uwazi. Dawa ni ngazi za kuvunja mwendo kwenye mteremko mkali, na mwishoni kitandiko cha mawe makubwa kilichozama ardhini.

Tuweke nondo mbele ya kalavati ili kuzuia takataka?

Wekeni, lakini msizisimamishe wima mdomoni. Chujio la wima likishika mifuko na matawi hugeuka ukuta, na maji yanapanda juu ya barabara huku kalavati lenyewe likiwa tupu. Lilazwe kwa nyuzi 45 hadi 60, liwe mbele kidogo ya mdomo, nafasi kati ya nondo na nondo iwe kama sentimita 15. Kusudi ni kushika magogo na matairi; chupa ndogo acheni zipite. Na lazima awepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kulisafisha baada ya kila mvua. Kama mtu huyo hayupo, ni heri kutoweka kabisa.

Gabioni zetu zimelala korongoni baada ya msimu mmoja. Mawe yalikuwa mabovu?

Huenda, ila kwanza angalieni mguu. Gabioni ya kawaida ni kasha la waya la mita 2 kwa 1 kwa 1, na ukuta wake huanguka mara nyingi kwa sababu maji yamechimba chini, wala si kwa sababu yameusukuma. Kasha la chini kabisa lapaswa kuzikwa chini ya kina ambacho korongo linaweza kujichimba, na mbele yake litandikwe godoro la gabioni ili mmomonyoko ukija, godoro ndilo lizame kwanza.

Halafu angalieni ujazo. Mawe yawe makubwa kuliko tundu la wavu: kwa tundu la sentimita 8 kwa 10, jiwe la sentimita 15 hadi 25 linafaa. Yapangwe kwa mkono, yasimwagwe na tipa. Makasha yafungwe yenyewe kwa yenyewe kwa waya kwenye kingo zote. Mafundi wanaoharakisha hufunga pembe tu. Nyuma ya ukuta kuwe na kitambaa cha kuchuja. Kisipokuwapo, udongo wa nyuma hutoka kidogo kidogo kupitia mawe, na siku moja ua wa mwenye nyumba unatumbukia ingawa ukuta bado umesimama.

Jambo moja zaidi: anayejenga ukuta upande wake peke yake kwenye kona ya korongo anaurusha mkondo ng'ambo. Ndiyo maana kazi za mtoni zinataka kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa makorongo haya ya Mbeya ni Bonde la Ziwa Rukwa, ambalo makao yake yapo jijini humo. Kwa Iringa ni Bonde la Rufiji.

Hizi "njia laini" ni kupanda miti tu?

Miti ni sehemu ndogo. Njia laini ni kila kinachofanya maji yachelewe au yazame kabla hayajafika korongoni: nyasi, matuta ya kontua, mashimo ya kuzamishia maji, ukanda wa mto ulioachwa wazi, na viwanja vinavyokubali kujaa maji kwa saa chache.

Kwa kingo za korongo tunapendelea vetiva. Hupandwa vichipukizi kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 ili safu iwe kama fagio lisilo na pengo, na safu nyingine kila mteremko unaposhuka kama mita 1. Ipandwe mvua za kwanza zinaposhika, Novemba au Desemba. Ukipanda Machi, kiangazi kinaikuta haijashika. Msimu wa kwanza usiitegemee. Pengo la nusu mita kwenye safu ni hatari kuliko kutokuwa na safu, maana maji yote hukusanyika hapo na kuchimba mfereji.

Mianzi ile ya ulanzi inashika ukingo vizuri sana, lakini ikae juu ya ukingo. Ikipandwa chini karibu na maji, kichaka kizima huja kung'oka na kwenda kuziba kalavati. Mikaratusi tusiitegemee kwa kazi hii: chini yake nyasi huwa haba, na udongo wa juu hubaki mtupu.

Mipaka yake ijulikane pia. Nyasi na matuta vinashusha ile C na vinapunguza mchanga, jambo linalookoa mtaro ulio chini. Kwa mvua kali sana juu ya udongo uliokwisha kulowa wiki nzima, hata msitu hutiririsha maji.

Kila nyumba ikiwa na tenki la lita 1,000, korongo litatulia?

Paa la mita za mraba 80 linajaza tenki hilo kwa mvua ya milimita 12.5. Mvua yetu ya mfano ni milimita 25 ndani ya dakika 20, kwa hiyo tenki tupu linachukua nusu ya maji ya paa. Si haba. Shida ni kwamba mwezi Machi tenki huwa limejaa tangu jana, na tenki lililojaa halisaidii chochote. Linalosaidia ni lenye bomba dogo la kulishusha polepole hadi nusu, na ni wachache wanaokubali kumwaga maji waliyokwisha kuyapata bure.

Mnasema kiwanja cha mpira kinaweza kuzuia mafuriko. Kivipi?

Turudi kwenye hesabu. Yanakuja 12.5 kwa sekunde pale yanapofika kilele, na tuseme tumeshajenga boksi la mita 2 linalopitisha 8. Zinazidi 4.5. Maji yakipanda kwa dakika 20 na kushuka kwa dakika 20, tunachohitaji kukihifadhi kwa muda ni karibu nusu ya 4.5 mara sekunde 2,400, yaani mita za ujazo 5,400. Kiwanja cha mita 100 kwa 60 kilichoshushwa sentimita 90 kinabeba kiasi hicho. Siku zote ni kiwanja. Kwa saa chache za mwaka ni bwawa.

Kichimbwe, kisizungushiwe tuta refu. Tuta lililoshindiliwa vibaya likipasuka linaachilia maji yote kwa mkupuo, na hayo ni mafuriko mabaya kuliko yale mliyoyakimbia. Pale tuta lisipoepukika, lishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na liachiwe njia ya dharura iliyojengwa kwa mawe, chini ya kimo cha tuta, ili maji yakizidi yapite hapo. Kwenye mdomo wa kuingilia chimbeni shimo la kunasa mchanga, vinginevyo kiwanja kinajifukia chenyewe.

Kwenye miteremko ya Mbeya kupata tambarare ya ukubwa huo ni kazi. Mara nyingi hupatikana viwanja viwili vitatu vidogo vya shule, kimoja juu ya kingine. Vikishapimiwa watu, hakuna zege litakalorudisha nafasi hiyo kwa bei ile.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa "angalizo", korongo letu litafurika?

Haina maana hiyo. TMA hutumia rangi tatu: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwao ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Korongo letu halijali saa 24. Milimita 50 zikinyesha taratibu kutwa nzima linazipitisha bila matata, ila 25 zikishuka ndani ya dakika 20 zinaliangusha. Pia tangazo ni la mkoa, na wingu la radi linaweza kunyesha Isanga na kuacha Uyole pakavu. Kwa hiyo angalizo litumike kwa maandalizi ya jioni: toeni takataka kwenye chujio, nyanyueni unga, nyaraka na godoro, na wanaolala chumba cha bondeni walale kwa ndugu usiku huo. Kama mvua haikunyesha kwenu, tangazo halikuwa uongo.

Tunaweza kujiwekea tahadhari ya mtaa wetu?

Mnaweza, na vifaa ni rahisi. Kinachotakiwa ni kipima mvua juu ya dakio, mtu anayekaa hapo, na njia ya kupiga kelele. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka na mdomo uliolingana na kitako kinafaa. Maji yakisimama milimita 10 ndani yake, imenyesha milimita 10. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na mti.

Namba ya kupiga filimbi inatoka kwenye kanuni ileile. Kalavati la zamani linashindwa maji yakizidi 5 kwa sekunde. Kwenye mvua yetu ya milimita 75 kwa saa, mkondo unafika 5 dakika ya 8 hivi, na kufikia hapo kipimo kimesoma milimita 10. Maana yake, mkingoja 10 mmechelewa. Pigeni kwenye milimita 5 zilizonyesha ndani ya dakika 10 au pungufu. Kwa mvua hii hiyo ni dakika ya 4, na watu wanabaki na dakika 4.

Dakika 4 zinatosha kumbeba mtoto na kumshika bibi mkono. Hazitoshi kuhamisha kabati. Mkiwa na boksi la mita 2, maji yanazidi uwezo wake karibu na dakika ya 13, kwa hiyo filimbi ileile inawapa dakika 9. Mkiwa na kiwanja cha kupokea maji, mvua hiyo haifuriki kabisa, na filimbi inabaki kwa ajili ya ile kubwa zaidi. Ndiyo sababu hatupendi kuulizwa ipi bora kati ya zege, nyasi na tahadhari: kwenye korongo fupi, zege na kiwanja ndivyo vinavyoinunulia filimbi muda.

Yanayoharibika yanajulikana. Ujumbe wa kundi la WhatsApp saa nane usiku hausomwi. Kipaza sauti cha msikiti au kanisa hakisemi umeme ukikatika, na umeme hukatika mvua ikiwa kali. Filimbi, vuvuzela na rimu ya gari bovu inayogongwa kwa chuma havina hitilafu hiyo. Balozi wa nyumba kumi awe na orodha ya walio wagonjwa na wazee. Njia ya kukimbilia isivuke korongo: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kuelesha gari dogo.

Iringa nako ni hivyohivyo?

Mji wenyewe uko juu ya kilima, na mitaro yake inatenda kama korongo letu. Ila Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, ni habari nyingine. Mto huo unatoka mbali, nyanda za Mufindi, na maji yake huchukua saa nyingi kufika. Hapo ubao wa kupimia kina uliopakwa rangi darajani, mtu wa kuusoma kila saa na simu ya mtu aliye juu ya mto vinatosha kuwahamisha watu na mali. Kwa Ipogolo tungeweka pesa kwanza kwenye tahadhari na kwenye kuacha bonde wazi. Kiwanja cha mpira hakiwezi kupunguza kitu kwa mto wa ukubwa ule.

Nyumba yangu iko mita 25 kutoka mtoni. Ukuta utanihalalisha?

La. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mto ndani ya mita 60, na ukuta haubadilishi kipimo. Kabla ya kununua kiwanja, pimeni kutoka kwenye ukingo mwezi Machi, si Septemba. Kiangazi korongo hujifanya njia ya ng'ombe.

Mitaro ingezuia tope la Itezi?

Aprili 2024 tope kutoka mlima Kawetele lilifunika nyumba Itezi. Hilo si suala la kipimo cha kalavati. Mteremko wenyewe uliolowa ndio ulioteremka, na hakuna boksi la mita 2 linalopitisha mlima. Dalili za kuangalia ni nyufa mpya zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, milango isiyofunga ghafla, na chemchemi inayotokea mahali palipokuwa pakavu. Ukiona mbili kati ya hizo mvua ikiendelea, ondokeni na mtoe taarifa mkiwa mmeshatoka. Zimamoto wanapatikana kwa 114.

Tumezibua mtaro Oktoba. Mchanga tuuweke wapi?

Popote isipokuwa ukingoni. Kosa hili linaonekana karibu kila mtaa: vijana wanachimba siku nzima, wanapanga mafungu mazuri kandokando ya mtaro, gari la kuzoa halifiki, na mvua ya kwanza ya kifuku inarudisha kila koleo ndani. Panga gari kabla ya kupanga wachimbaji. Mchanga safi mafundi huuchukua wenyewe kwa ujenzi. Uliochanganyika na mifuko na kinyesi upelekwe dampo. Gari likikosekana, zibueni sehemu fupi tu inayoweza kuzolewa kwa mikokoteni siku hiyohiyo, mkianzia kwenye kalavati na kupanda juu.